Kamera Mbili na Kanuni ya Lagrange

Dereva wa Tanzania anaijua tochi ya trafiki. Hupima spidi ya gari pale pale linapomulikwa, kwa hiyo anayeiona mapema hukanyaga breki, akishaipita anaongeza mafuta. Kwenye barabara kuu za kulipia za Italia, tangu mwaka 2005, upo mtambo uitwao Tutor ambao ujanja huo hauuwezi. Kamera ya kwanza husoma namba ya gari na kurekodi saa. Kilomita kadhaa mbele, kamera ya pili hufanya vivyo hivyo, kisha kompyuta hugawa umbali kwa muda uliotumika.

Tuseme kamera hizo zimeachana kilomita 13. Huko ukomo wa spidi ni kilomita 130 kwa saa, hivyo anayefuata sheria hawezi kufika kwa chini ya dakika 6. Gari letu limepita kamera ya kwanza saa 4:00 kamili na ya pili saa 4:05. Wastani wake ni kilomita 156 kwa saa.

Dereva anaweza kubisha: nani aliniona nikienda 156? Hakuna aliyemwona, lakini hesabu inamfunga. Kama safari nzima mshale wake ungekuwa chini ya 156, kwa dakika 5 asingemaliza kilomita 13. Kama ungekuwa juu ya 156 muda wote, angezipita. Basi ama mshale ulikuwa 156 tangu mwanzo hadi mwisho, ama kuna wakati ulikuwa chini na wakati mwingine juu. Na gari haliruki kutoka 120 hadi 170. Lazima lipitie spidi zote za katikati, 156 ikiwemo. Hiyo ndiyo kanuni ya thamani ya wastani, ambayo Waitalia huiita kwa jina la Lagrange, mwanahesabu aliyezaliwa Torino mwaka 1736.

Kumtoza faini hakuhitaji hata kanuni nzima, kwani inatosha kujua kwamba kuna mahali alivuka 130. Kanuni inaongeza uhakika kwamba kuna nukta ambayo mshale ulisoma 156 hasa. Haisemi ni wapi, wala haisemi kama alifika 200.

Kinachoweza kuharibu ushahidi ni vipimo vyenyewe. Saa ya kamera ya pili ikichelewa kwa dakika moja, aliyetumia dakika 6 halali ataonekana ametumia 5, na mtu asiye na kosa atatozwa. Ndiyo maana saa za kamera zote mbili lazima ziende sawa, na umbali uwe wa njia fupi kabisa ambayo gari lingeweza kupita kwenye kona.

Upande wa pili, wastani mdogo haumsafishi mtu. Aliyekimbia 180 kisha akasimama kunywa kahawa katikati ya kamera hizo atapita bila faini.