Kisu Kilichochovywa Kwenye Mrututu

Kwa anayechanganya mrututu na chokaa kupata dawa ya ukungu shambani, kuna kipimo cha zamani: chovya kisu safi cha chuma kwenye dawa, subiri kidogo, kitoe. Kikitoka na utando wa rangi ya udongo mwekundu, ongeza chokaa. Utando huo ni shaba tupu. Mrututu ni salfeti ya shaba. Chuma ni kikali kuliko shaba, basi huingia kwenye salfeti na kuitoa shaba nje.

Maswali ya mtihani kuhusu ukali wa metali yanarudia jambo hilo kwa metali kadhaa. Mwanafunzi hupewa jedwali kama hili, ambamo "ndiyo" ina maana kuwa mabadiliko yameonekana:

| Metali | Salfeti ya zinki | Salfeti ya chuma | Salfeti ya shaba |
|---|---|---|---|
| Magnesiamu | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| Zinki | – | ndiyo | ndiyo |
| Chuma | hapana | – | ndiyo |
| Shaba | hapana | hapana | – |

Hesabu "ndiyo" za kila metali. Magnesiamu ina tatu, zinki mbili, chuma moja, shaba haina. Huo ndio mpangilio wa ukali, kuanzia juu.

Sasa chukua zinki ndani ya mrututu. Ubuluu unafifia, zinki inavaa tope la kahawia, na chombo kinapata joto. Kwa maneno tunaandika:

zinki + salfeti ya shaba → salfeti ya zinki + shaba

Salfeti haipotei wala haizaliwi. Imebadilisha mwenzi tu. Wengi hukosa alama hapa kwa kuandika "zinki + shaba" upande wa kushoto, kana kwamba metali mbili tupu zimekutana. Wengine huona shaba na salfeti ya zinki, wakabuni jibu ilhali jedwali limesema hapana. Hapo huandikwi mlinganyo. Unaandika "hakuna mmenyuko", na sababu: shaba ni dhaifu kuliko zinki.

Mpangilio huo unakuwezesha kutabiri hata lisilo jedwalini. Ukiambiwa kuwa fedha iko chini ya shaba, basi waya wa shaba ukiwekwa kwenye naitreti ya fedha utaota nyuzi za fedha, na maji yasiyo na rangi yatageuka buluu:

shaba + naitreti ya fedha → naitreti ya shaba + fedha

Alumini ndiyo inayodanganya. Iko juu ya zinki, lakini kipande chake ndani ya mrututu hutulia kana kwamba ni dhaifu, kwa sababu kimefunikwa na ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha kitu. Ukiongeza chumvi ya mezani, ngozi hiyo inatoboka, kimiminika kinachemka kwa mapovu, na shaba inaanza kujitenga. Kwa hiyo "hapana" ya alumini kwenye jedwali huelezwa kwa oksidi, na nafasi yake katika mpangilio haishushwi.