Namba moja, mabaki mawili

Chukua namba 0 hadi 14. Jumlisha na zidisha kama kawaida, ila jibu likifika 15 au kupita, ligawanye kwa 15 na ushike baki tu. Sasa kila namba iandikie jozi: baki lake kwa 3, kisha kwa 5. Hivyo 7 inakuwa (1, 2) na 13 inakuwa (1, 3). Jozi zote ni 15, na namba hazigongani, kwani mbili zenye jozi moja hutofautiana kwa kizidisho cha 15. Sunzi wa China alitega fumbo la aina hii zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, yeye akitumia 3, 5 na 7.

Utamu uko kwenye kuzidisha. 7 × 13 ni 91, baki 1. Kwenye jozi, 1 × 1 ni 1, na 2 × 3 ni 6, ambayo kwa 5 hubakiza 1. Namba yenye mwenzake wa kuleta 1 tuiite inayogeuzika. Jozi hugeuzika pale tu pande zote mbili zinapogeuzika. Kwa 3 zipo mbili, kwa 5 zipo nne. Basi kwa 15 ni 2 × 4, yaani 8: 1, 2, 4, 7, 8, 11, 13, 14.

Lakini usikate ovyo. Ukiigawa 12 kuwa 2 na 6, namba 1 na 7 zote hupata (1, 1), kwa kuwa 2 na 6 zina kigawo cha pamoja. Tumia 3 na 4. Kisha jaribu 35 mwenyewe. Ukipata 24, umepatia.