"Ningekuwa Mimi, Ningeliangalia Tena"

Mwanafunzi wa uzamili anatoka ofisini kwa msimamizi wake akiwa na faraja. Kikao kimechukua dakika 48, hakukaripiwa, na simu yake imerekodi kila neno. Wiki tatu baadaye anarudi na rasimu mpya. Daktari anaifungua, anakunja uso: "Lakini hili si tulilizungumza?" Ni kweli walilizungumza, na sauti ipo. Kilichokosekana ni kazi iliyopaswa kufanyika kati ya sauti na rasimu.

Tumfuate mwanafunzi wa mfano. Tasnifu yake inahusu mama lishe wa Morogoro na mikopo ya vikoba. Tarehe ni 4 Agosti, na chuo kinataka tasnifu ifike 30 Septemba.

Kazi inaanza kabla ya kubonyeza kitufe. "Daktari, naomba nirekodi ili nisisahau maelekezo yako." Hiyo ni adabu, na zaidi ya adabu, kwa sababu sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za aina hiyo tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Rekodi ni ya kufanyia marekebisho, si ya kusambaza kwenye kundi la darasa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: simu haioni kidole. Msimamizi hugonga karatasi na kusema, "Hapa pana tatizo, na hapa pia." Ukirudi kusikiliza nyumbani, huna njia ya kujua "hapa" ni wapi. Mwanafunzi mwerevu hukijibu kidole kwa mdomo: "Yaani ukurasa wa 63, jedwali 4.2?" Daktari akiitikia, rekodi imepata macho.

Jioni ileile, kumbukumbu ikiwa bado ya moto, anasikiliza mara ya kwanza. Hana haja ya kuandika kikao chote neno kwa neno, maana dakika 48 zinaweza kumla siku nzima. Kila mahali Daktari anapogusa tasnifu, anaandika dakika na maneno yenyewe kama yalivyotoka. Maneno yenyewe ni muhimu. Akiandika kwa ufupi "arekebishe sura ya nne", ameshatafsiri, na huenda ametafsiri vibaya. Mwishowe orodha yake ina mambo sita.

Dakika ya 6: "Swali lako la tatu sijaliona limejibiwa popote." Dakika ya 10: "Sura ya pili ni ndefu, punguza." Dakika ya 22, kuhusu jedwali 4.2: "Ningekuwa mimi, ningeliangalia tena hili." Dakika ya 31: "Kuna maandishi kuhusu wanaume katika vikoba, yanavutia sana." Dakika ya 35: "Nadharia yako bado nyembamba, iongezee nyama." Na dakika ya 46, viti vikisogezwa na mwanafunzi akifunga begi: "Sura ya tano lakini, naona umerudia ya nne."

Sasa anasikiliza mara ya pili, na safari hii anapima uzito. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu wasimamizi wetu wengi hawatoi amri. Wanauliza, wanashauri, wanasema "ningekuwa mimi". Kwa Kiswahili cha heshima, maneno hayo mara nyingi ni agizo lililovaa kanzu. Sauti kubwa si kipimo, wala dakika zilizotumika. Kipimo ni swali moja: nikiliacha hili lilivyo, je, mtahini wa nje atanikwamisha?

Chukua dakika ya 22. Mwanafunzi anafungua jedwali, anajumlisha, anagundua kosa. Aligawa hojaji 120 zikarudi 112, lakini asilimia zote amezipiga kwa 120. Mama lishe 47 waliokopa ili kununua bidhaa wameandikwa kuwa asilimia 39, wakati kati ya 112 waliojibu ni asilimia 42. Kauli laini kuliko zote ndiyo iliyobeba kosa litakalogeuza kila takwimu ya sura ya nne. Na ile ya dakika ya 46, iliyosemwa wakati wa kuagana, inamaanisha kuiandika upya sura nzima: sura ya nne inaeleza kilichopatikana, ya tano inapaswa kujadili kwa nini kimepatikana na kinalinganaje na tafiti za wengine.

Dakika ya 10 na ya 35 zinagongana. Apunguze sura ya pili au aiongeze? Asichague inayomfaa. Anaziandika pamoja kama swali la kumrudishia Daktari. Maandishi ya dakika ya 31 anayaweka kando kama mazungumzo ya njiani.

Baada ya hapo, kila jambo linageuzwa kuwa marekebisho yenye mahali, kitendo na alama ya kumaliza. "Kushughulikia swali la tatu" hakuna anayejua limeisha lini. Bora liandikwe hivi: "Sura ya nne, kiongezwe kifungu kinachojibu swali la tatu kwa kutumia mahojiano, kimekamilika kifungu kikiwa na ushahidi wa mahojiano, na ikisiri ikilitaja jibu." Kama mahojiano hayana jibu, swali hilo linaweza kulazimika kuondolewa kwa idhini ya msimamizi, na hapo sura ya kwanza nayo itaguswa.

Kesho yake anatuma ukurasa mmoja. "Shikamoo Daktari. Hivi ndivyo nilivyoelewa maelekezo ya jana. Naomba unisahihishe nilipokosea." Jibu linarudi fupi: ya 10 na ya 35 hazigongani, afupishe orodha ya tafiti za zamani ili nadharia ipate nafasi. Na maandishi ya dakika ya 31 si mazungumzo ya njiani: "Yasome, ndiyo yatakayokupa mjadala wa sura ya tano." Mwanafunzi alipima vibaya, na barua ya mistari michache imemwokoa.

Imebaki ratiba, nayo huhesabiwa kutoka mwisho. Siku tano za mwisho, 26 hadi 30 Septemba, ni za mpangilio wa kurasa, ukaguzi wa wizi wa kitaaluma, saini na kuchapa. Wiki inayotangulia, 19 hadi 25, ni ya masahihisho ya mwisho. Msimamizi anahitaji wiki mbili za kusoma, 5 hadi 18 Septemba. Kwa hiyo rasimu nzima lazima imfikie tarehe 4 Septemba. Mwanafunzi aliyedhani ana miezi miwili ana mwezi mmoja.

Ndani ya mwezi huo, utaratibu unaamuliwa na kipi kinasubiri kipi. Wiki ya kwanza ni ya hesabu za jedwali, kwa sababu mjadala ukiandikwa juu ya asilimia 39 utafutwa. Ya pili ni ya swali la tatu. Ya tatu na sehemu ya nne ni za sura ya tano, pamoja na yale maandishi ya wanaume katika vikoba. Sura ya pili inafanywa jioni za uchovu, maana haisubiriwi na yeyote. Ikisiri inaandikwa mwisho.

Tarehe 4 Septemba rasimu inapotumwa, inaambatana na orodha ileile, sasa ikiwa na safu mpya: kila jambo limefanyiwa kazi ukurasa gani. Daktari anaanza na namba tatu, anafungua ukurasa wa 63, anajumlisha mwenyewe. Zinafika 112.