Kuruka chini hufundishwa kuanzia mchangani

Mazoezi ya UMITASHUMTA yakianza, kwenye viwanja vingi vya shule za msingi nchini Tanzania huonekana jambo lilelile. Wanafunzi wamejipanga mstari mmoja, shimo la mchanga liko mbele, na kila mmoja anarudi nyuma kadiri awezavyo ili apate kasi. Anachomoka mbio. Akikaribia ubao anainamisha kichwa kuutafuta, anapiga hatua tatu nne fupifupi za kujirekebisha, kisha anaruka akiwa karibu amesimama. Mwalimu anamwambia akimbie zaidi. Mtoto anarudi nyuma zaidi, na kosa linajirudia.

Mwanafunzi huyo hana upungufu wa nguvu. Amepewa vitu vitatu kwa mpigo, yaani kukimbia, kuruka na kutua, kabla hajakijua hata kimoja. Makocha wazoefu wa wanaoanza hupanga kazi kinyumenyume: kwanza kutua, kisha kuruka kwa hatua chache, na mwisho kabisa mkimbio mrefu. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtoto asiyejua atatuaje huogopa, na mwenye hofu hupunguza mwendo mapema, hata angekuwa mwepesi wa mbio kuliko wenzake wote.

Basi kazi huanza na mchanga wenyewe. Shimo lichimbuliwe kwa jembe hadi mchanga uwe laini kwa kina cha sentimita 30 hivi, mawe na vipande vya chupa vitolewe, kisha upigwe reki uwe sawa na kingo za njia ya kukimbilia. Mchanga mkavu sana humwagiwa maji kidogo ili alama zionekane. Majembe na reki viwekwe mbali na shimo, meno yakiwa chini. Mchanga uliogandamana kama sakafu huumiza vifundo vya miguu, na hapo hakuna somo la kuendelea nalo.

Zoezi la kwanza halina mbio. Mwanafunzi anasimama ukingoni mwa shimo, miguu sambamba, anabembeza mikono nyuma, anaruka mbele na kutua kwa visigino. Visigino vikigusa mchanga, magoti yanakunjwa mara moja na nyonga zinasukumwa mbele zipite pale visigino vilipozama. Anayeona ugumu anaweza kujiangusha upande. Mwalimu akichora mstari mchangani, au akilaza kamba nyembamba mbele kidogo ya pale mtoto anapofikia, miguu hujinyoosha yenyewe kuufuata. Maelezo marefu hayafiki hapo.

Shimo lenyewe hutoa hukumu. Mruko hupimwa kutoka alama ya mchangani iliyo karibu zaidi na mstari wa kurukia, iwe imeachwa na kisigino, kalio au mkono. Mtoto aliyefikisha visigino mita 3.40 kisha akaegemea mkono nyuma yake kwenye mita 3.05 ameruka mita 3.05. Aonyeshwe alama zote mbili kabla reki haijapita. Akiziona mara moja kwa macho yake, mkono ule huanza kuja mbele bila kukumbushwa kila siku.

Kinachofuata ni kuruka, na hapa kwanza ujulikane mguu wa kurukia. Kamba iwekwe chini, mtoto akimbie taratibu aivuke mara kadhaa. Mguu anaousukumia ardhi bila kufikiri ndio wake. Kwa wengi wanaotumia mkono wa kulia huwa mguu wa kushoto, lakini isifanywe sheria.

Kisha anarudishwa hatua tatu tu kutoka ukingoni. Anatembea kwa haraka, moja, mbili, tatu, na kwa hatua ya tatu anasukuma ardhi kwa unyayo mzima huku goti la mguu wa pili likipanda hadi paja liwe sambamba na ardhi. Kiwiliwili kimesimama wima na macho yanatazama mbele, juu ya upeo wa shimo. Kwa sasa haruhusiwi hata kutua kwa miguu miwili: anatua mchangani kwa ule mguu uliotangulia goti na kuendelea kukimbia hadi nje ya shimo. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto, lakini ndiyo yanayomfundisha kwamba kuruka ni kuendelea na mbio, si kuzisimamisha. Nisingemruhusu mtoto ayapite kwa haraka.

Kosa kubwa la hatua hii ni kutaka kwenda juu. Mtoto anasikia neno "ruka", basi anaubana mguu mbele, anaegemea nyuma na kupaa, kisha anashuka palepale karibu. Hata warukaji wa kimataifa huondoka ardhini kwa pembe ya nyuzi 20 hivi tu, na mguu wao hugusa ubao kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Umbali unatokana hasa na kasi wanayofika nayo. Kadiri mguu unavyopandwa mbele sana ya mwili, ndivyo unavyokuwa breki.

Kwenye njia ya udongo, ambayo ndiyo iliyopo katika shule zetu nyingi, breki hiyo inasomeka. Mwalimu asawazishe udongo wa mita nne za mwisho kabla ya ubao kwa ufagio, mtoto akimbie na kuruka, kisha wote wawili wainame kuangalia. Unyayo wa mwisho ukiwa umetoboka kisigino na kusukuma udongo mbele, alifunga breki. Ukionekana wa vidole peke yake, alipita juu ya mguu bila kuukanyagia vizuri, na mara nyingi goti lake lililegea. Unaotakiwa ni unyayo uliolala wote. Halafu watazame nafasi za hatua: ile ya pili kutoka mwisho huwa ndefu kidogo, na ya mwisho fupi kidogo, kwa kuwa mwili hujishusha kiasi kabla ya kuinuka. Mwanafunzi asiambiwe kulifanya hilo kwa makusudi. Akiwa na mdundo mzuri hutokea lenyewe, na akiambiwa atalikuza hadi aharibu kila kitu.

Hatua tatu zikitulia, zinakuwa tano, kisha saba, na sasa kutua kwa miguu miwili kunarudishwa. Angani anayeanza hana haja ya madoido. Adumishe lile umbo la kuondokea, goti moja mbele na mwili wima, na akianza kushuka aulete mguu wa nyuma ukutane na mwenzake, mikono ikitoka juu kwenda mbele. Mguu ukishaacha ardhi, hakuna anachoweza kufanya hewani kikamwongezea nguvu ya kwenda mbele. Kujipanga angani kunasaidia tu mwili usipinduke kifudifudi na miguu isishuke mapema. Katika kipindi hiki ni afadhali ubao usitumike kabisa. Lichorwe eneo la upana wa nusu mita kwa chokaa, na mruko upimwe kutoka pale mguu ulipoondokea. Hivyo macho hayana cha kutafuta chini.

Ndipo unapofika wakati wa mkimbio wenye kipimo. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12, hatua 9 zinatosha, na 11 kwa aliyekomaa zaidi. Zaidi ya hapo anafikia kasi yake mapema, anachoka, na hatua zinaanza kutofautiana.

Tuchukue mwanafunzi wa miaka 12 anayerukia mguu wa kushoto. Kipimo chake hakitafutwi kwenye ubao, bali uwanjani pembeni, mbali na shimo. Anasimama mguu wa kulia ukiwa kwenye mstari, hatua ya kwanza anapiga kwa kushoto, na kwa kuwa 9 ni witiri, ya tisa itakuwa ya kushoto pia. Anakimbia akiongeza kasi kama mashindanoni, bila kuruka, na mwenzake anaweka kijiti pale hatua ya tisa inapotua. Tuseme mara nne zimetoa mita 12.60, 12.90, 12.80 na 12.80. Kwa futikamba mwalimu anapima mita 12.80 kutoka mstari wa kurukia kurudi nyuma na kuweka alama pembeni mwa njia. Hiyo ndiyo alama yake, na aiandike daftarini.

Anakwenda kwenye ubao sasa. Mikimbio mitatu ya kwanza inapitiliza mstari kwa sentimita 25, 20 na 30. Hapa dawa ni rahisi: alama irudishwe nyuma sentimita 25, na mtoto akimbie vilevile bila kujali ubao. Lakini mikimbio ikipungua sentimita 40, ikapitiliza 30, kisha ikapungua 10, kuisogeza alama ni kupoteza muda. Mwendo wenyewe haujatulia, na mara nyingi ugonjwa uko mwanzoni: leo ameanza kwa kusimama, kesho kwa kutembea hatua mbili, keshokutwa kwa kuruka ruka. Aanze kwa namna moja kila mara, kisha mwalimu afumbe macho na kusikiliza miguu. Mdundo unaozidi kuharakisha hadi mwisho ni mzuri. Ukisikika unalegea au unakatika karibu na ubao, mtoto anautafuta kwa macho.

Kupitiliza hakuwapati wanaoanza peke yao. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Jiji la Meksiko, Bob Beamon wa Marekani aliharibu miruko miwili ya kwanza ya mchujo kwa kukanyaga nje, akabakiwa na mmoja. Mwenzake Ralph Boston alimshauri aondokee kabla ya ubao. Beamon alifuzu, na katika fainali akaruka mita 8.90, akiipita rekodi ya dunia ya wakati ule kwa sentimita 55. Sentimita chache alizozitoa kwenye mchujo zilimpa nafasi ya kushindana.

Upepo nao unahesabiwa. Ukivuma kutoka nyuma, hatua hurefuka na mguu hupitiliza, kwa hiyo alama irudi nyuma kidogo. Ukivuma usoni, isogee mbele. Siku ya mazoezi, miruko sita hadi minane yenye mkimbio kamili inamtosha mtoto, kwa kuwa miguu ikichoka hatua hubadilika na kipimo hupotea.

Kwenye mashindano makubwa kila mshiriki hupewa miruko mitatu, na walio bora ndio huongezewa mingine. Walimu wawaanzishie wanafunzi wao mruko wa kwanza kwa alama iliyorudi nyuma kiganja kimoja, wapate umbali halali wa kuandikwa, kisha katika mruko wa pili ndipo warudie alama yao ya kawaida.