Mchongoano wa viziwi: Maneno ni ya mikono, sumu iko usoni

Siku ya kwanza kuwaona mabeste wangu wawili viziwi wakichongoana kibandani, nilidhani chai itamwagika. Mikono inaruka, macho yametoka, mmoja anagonga meza. Mama wa kibanda akaniambia niwaamulie. Kumbe kugonga meza ni njia tu ya kumwita mwenzako akutazame, maana mtikisiko unamfikia. Walikuwa wanachekana kuhusu mandazi.

Mmoja alianza na ishara ya kawaida ya kula. Yenyewe haina ubaya. Halafu akavimbisha mashavu, akatoa macho, na mkono unaopeleka chakula mdomoni ukaanza kwenda mbio kama cherehani. Hapo "unakula" ikageuka "unafakamia kama mtu aliyetoka jela jana". Hakuongeza neno hata moja, msee.

Mwenzake hakujibu kwa maneno. Alihamisha macho, akaacha kumtazama, na papo hapo akageuka kuwa yeye: mabega juu, tumbo mbele, anahema akifukuza matatu, kisha anaachwa. Yale macho yakihama, jua anayeigizwa ndiye anayeongea sasa. Yakirudi kwako, ni yeye mwenyewe tena, uso mkavu kabisa, kama hajafanya kitu. Sisi tunaosikia tungesema "unakimbia kama fulani." Wao wanakuwa huyo fulani kwa sekunde tatu, na inauma zaidi.

Nami nikajitia kimbelembele. Nikarudia ishara ya kula, kubwa na polepole, uso wangu bapa kama sahani. Hakuna aliyecheka. Baadaye nikaelezwa kwamba ishara kubwa bila uso haina utani. Tena ukizivuta polepole hivyo, ni kama unaongea na mtoto mchanga, na hayo kwa mtu mzima ni matusi.

Sasa utajuaje utani umeisha? Usitazame ukubwa wa mikono. Anayetania hutia chumvi, kisha uso hulegea na kukuchungulia aone kama umecheka. Aliyekasirika kwelikweli huenda hata akapunguza ishara, zikawa fupi na kali, na uso haulegei.

Lakini kuna kubaya zaidi. Siku hiyo yule wa matatu aligusia kazi ambayo mwenzake alikuwa amefutwa wiki hiyo. Jamaa akafumba macho, akageuza kichwa. Usipomtazama kiziwi anapoongea, ni kama umemziba mdomo. Yule mchokozi alizunguka meza ili aonekane, jamaa akageukia upande wa pili. Akamgusa bega, wapi. Mikono yake ikabaki hewani, haina wa kumwambia.

Ilichukua karibu dakika kumi. Mwishowe aliyenuna akafungua jicho moja tu, akavimbisha mashavu, akaelekeza kidole kwenye mandazi ya mwenzake.

Akayala yote.