Ukurasa Mtakatifu Ukichakaa

Wajukuu zangu, mkinunua karanga pale sokoni Tunduma, mara nyingine mnafungiwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari au kitabu cha mtu. Ipo siku mtaikunjua na kukuta aya kwa herufi za Kiarabu, au mstari wa Zaburi, au picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda ya mwaka jana. Imeshalowa mafuta, haifai tena kusomwa, na bado mkono unasita kuitupa. Nataka niwaeleze wenye dini hufanya nini na vitu hivyo vikichakaa. Nitakaa zaidi kwenye msahafu, kwa sababu wanazuoni wa Kiislamu wamelieleza jambo hili hatua kwa hatua.

Chukueni mfano wa madrasa yoyote hapa mjini. Mwezi wa Shaabani umefika, Ramadhani inabisha hodi, na mwalimu anasafisha kabati. Zinatoka juzuu zilizochomoka kurasa, misahafu iliyotafunwa na mchwa, na karatasi za dua zilizofifia. Kazi ya kwanza ni kuchambua. Ukurasa uliochomoka hutafutiwa mahali pake, ukagandishwa au kushonwa, maana msahafu unaosomeka hauna sababu ya kuondolewa. Yale yasiyotengenezeka hutengwa, na majalada ya plastiki na pini za chuma huvuliwa. Plastiki haiozi. Ukiizika pamoja na karatasi, mtu mwenye jembe ataifukua miaka mingi baadaye, na maneno yaliyofunikwa nayo yatakuwa bado yanasomeka.

Kurasa hizo hufungwa katika kitambaa cheupe kilicho safi, na shimo huchimbwa mahali pasipokanyagwa na watu wala mifugo. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walieleza hata umbo la shimo: lifanane na kaburi la Muislamu, lenye mwanandani, ile nafasi inayochongwa ubavuni mwa shimo, chini kabisa. Kifurushi husukumwa humo, mbao huziba mlango, ndipo udongo unarudishwa. Wanataka udongo usimwagwe moja kwa moja juu ya maneno ya Mwenyezi Mungu, kama vile maiti asivyomwagiwa udongo mwilini.

Hapa Songwe adui wa shimo hilo ni mvua, inayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Shimo linaloishia magotini, likichimbwa mtelemkoni, litafunuliwa na maji kabla masika hayajaisha. Ndiyo maana ni vyema kuchimba wakati wa kiangazi, kina kifike kiunoni mwa mtu mzima, na mbali na mfereji. Mvua za kwanza zikishanyesha, mwalimu arudi kutazama. Akikuta udongo umetitia na maji yamesimama pale, ajue mbao zimekatika, aongeze udongo na kuushindilia.

Lakini Tunduma ni mji wa mpakani, nyumba zimebanana, na malori yamejaa barabarani. Kipande cha ardhi kisichokanyagwa si rahisi kupatikana. Hapo ndipo wengi hugeukia moto.

Msishtuke. Khalifa Uthman, aliyefariki mwaka 656, alipokwisha kunakilisha msahafu mmoja wa kutegemewa na kuupeleka katika miji mikubwa, aliamuru maandishi mengine yachomwe ili watu wasitofautiane. Karne nyingi baadaye huko Misri, mwanachuoni Jalaluddin Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alilieleza suala hili vizuri. Usiuchomeke ukurasa kwenye ufa wa ukuta, alisema, kwa sababu utaanguka na kukanyagwa. Usiuchane, kwa sababu utazitenganisha herufi. Uoshe kwa maji, au uuchome. Suyuti alikuwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Tanzania wanayafuata. Wahanafi wao hawaupendi moto, na pande hizo mbili hazijakubaliana hadi leo. Kuosha kulifaa zamani, wakati wa wino wa masizi, kama ule unaofutika kwenye ubao wa chuoni. Wino wa kiwandani haubanduki kwa maji.

Moto nao una taratibu zake. Hauwashwi kwenye jalala, bali katika chombo cha chuma kilichosafishwa, na kurasa hutiwa chache chache. Kitabu kilichofungwa huungua pembeni tu, katikati kikabaki kizima. Juu huwekwa wavu, maana upepo wa huku nyanda za juu hubeba karatasi inayowaka hadi uani kwa jirani. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukurasa ulioungua ukawa mweusi bado unaweza kusomeka. Uinueni taratibu muutazame kwa mshazari kwenye mwanga, mtaona herufi zinang'aa juu ya weusi. Kwa hiyo majivu husagwa mpaka yawe unga, ndipo yakazikwa au kumwagwa kwenye maji yanayotembea. Kutumbukiza kurasa nzima mtoni sikupendekezi kwetu. Kiangazi mito mingi inapungua, na karatasi itaishia kunasa kwenye matete.

Moto huo ni kazi ya watu wazima, ndani ya uwanja wa msikiti, na majirani wameshaambiwa. Oktoba 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, mzozo wa watoto wawili juu ya msahafu ulisambaa mtaani hadi makanisa yakachomwa. Anayepita barabarani huona moshi tu, haoni nia ya aliyewasha. Mkiona msahafu unachomwa, muulizeni kwanza mtu mzima.

Kuna wasiozika mara moja. Wayahudi hawaruhusiwi kuliharibu jina la Mungu lililoandikwa, kwa hiyo hukusanya maandishi yaliyochakaa na kuyahifadhi hadi yatakapozikwa. Sinagogi moja la Fustat, Cairo ya kale, lilikuwa na chumba ambamo watu waliingiza karatasi kwa mamia ya miaka bila kuzizika. Mwanachuoni Solomon Schechter alifika huko mwishoni mwa mwaka 1896 na kupeleka Cambridge vipande zaidi ya 190,000. Vilikuwemo vitabu vya sala, barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, hata mazoezi ya watoto waliokuwa wakijifunza herufi na kuchorachora pembeni. Uzembe wa kutozika umetupatia historia, nami nashukuru, ila gunia lililosahauliwa kwenye madrasa ya huku litaliwa na mchwa kabla ya mtafiti yeyote kufika.

Kwa Wakatoliki kitu kilichobarikiwa, hata kikiwa mali yako, hakitumiki kwa mambo ya kawaida. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema hivyo. Kwa hiyo rozari iliyokatika au picha iliyooza huchomwa au kuzikwa. Matawi ya Jumapili ya Matawi hukaa nyumbani mwaka mzima, kisha hurudishwa kanisani, yakachomwa, na majivu yake yakachekechwa kwa ajili ya paji la uso siku ya Jumatano ya Majivu. Sanamu ya plasta ndiyo yenye kazi, kwa kuwa haiungui. Huvunjwa vipande vidogo hadi sura isitambulike, ndipo vikazikwa, ili mtu asije akafukua kichwa kizima akadhani kimetupwa kwa dharau.

Wamoravian, ambao ni wengi huku kwetu, hawaihesabu karatasi yenyewe kuwa imebarikiwa, kwa hiyo kila nyumba huamua kwa adabu yake. Nawaomba jambo moja tu: kabla Biblia ya babu haijaondolewa, fungueni kurasa za mwanzo na za mwisho. Wazee wengi waliandika humo tarehe za kuzaliwa, kubatizwa na kufariki kwa watu wa ukoo, na huenda hazikuandikwa mahali pengine popote. Zinakilini kwanza.

Na ile karatasi ya karanga? Ipanguseni mafuta, msiichane. Yenye Kiarabu mpelekeeni mwalimu wa madrasa, hata kama ni risiti tu, yeye ataisoma. Picha iliyobarikiwa, au msiyoijua kama imebarikiwa, mpelekeeni katekista.