Ukurasa uliochomoka: namna ya kuurudisha kitabuni

Vitabu vilivyosafiri masanduku mpaka Maskati mara nyingi hufika na ukurasa mmoja au miwili imechomoka. Wengi hukimbilia selotepu. Iache. Kwa joto letu la kiangazi, linalopita digrii 40, gundi ya selotepu hulainika, hutoka pembeni na kunata ukurasa wa jirani, kisha hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka.

Nunua gundi nyeupe ya maji wanayotumia watoto shuleni. Ikikauka hubaki laini, hivyo ukurasa unakunjika bila kupasuka. Gundi kali ya matone haifai, kwani hukauka ngumu na kuvunjika. Uwe pia na brashi ndogo, karatasi mbili za kuokea na vitabu vizito.

Tuseme kamusi ya mtoto imeachia karatasi yenye ukurasa wa 145 na 146. Kwanza irudishe mahali pake bila gundi, uhakikishe namba zinafuatana. Ukingo wake wa nje ukizidi kurasa nyingine, kata milimita moja au mbili upande wa ndani, ule unaoingia kwenye mgongo.

Sasa ilaze karatasi mezani, uifunike kwa karatasi chakavu ukiacha wazi milimita 3 tu za ukingo wa ndani. Paka gundi nyembamba kutoka kwenye karatasi chakavu kuelekea nje. Iondoe hiyo chakavu, kisha uteleze ukurasa kitabuni mpaka ukingo ufike kwenye mgongo, juu na chini vilingane na wenzake. Weka karatasi ya kuokea kila upande wa ukurasa, funga kitabu, kiwekee uzito na usikifungue mpaka kesho yake.

Ukikifungua ukaona ukurasa umekunjamana, au umenata na wa jirani, ujue gundi ilikuwa nyingi. Usivute kwa nguvu, utachana zote mbili.

Njia hii inafaa kwa karatasi chache. Kila uliyobandika humeza milimita 3 na haifunguki tena mpaka ndani. Zikichomoka kumi pamoja, tatizo ni mgongo wenyewe, na kitabu kipelekwe kwa fundi wa kujalidi.

Na jambo moja la kushika: pasipoti, cheti cha kuzaliwa na karatasi za ndoa usizibandike chochote, hata zikiwa zimechanika. Afisa akiona gundi au selotepu anaweza kudhani zimechezewa, akazikataa. Zitie vipande vyote kwenye bahasha safi, kavu, na uulize ofisi iliyozitoa, au ubalozi wako, namna ya kupata nyingine.